Kadi ya Matokeo

Fusae Katsube alikuwa mtu wa sentensi ndefu. Alisoma fasihi katika chuo cha wanawake kule Nara, wakati ambapo wasichana wengi wa mji wetu wa Matsue walifundishwa kushona na kusubiri posa. Akafundisha sekondari ya wasichana hadi akastaafu. Na kwa muda wote ambao marehemu mumewe alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya kando ya ziwa, yeye Fusae ndiye aliyemwandikia hotuba. Jambo hilo halikutoka nje ya nyumba. Wazee wa mtaa bado wanazikumbuka hotuba zile. "Mwalimu Mkuu Katsube akifungua kinywa, hata watukutu walikaa kimya," husema, na Fusae huinamisha kichwa na kushukuru kwa niaba ya marehemu.

Mwezi wa Aprili, binti yake Mikie, ambaye ni muuguzi katika jiji la Osaka, alimleta mwanawe Kozue akae na bibi yake. Ndoa ilikuwa imevunjika. Fusae aliwaambia majirani kwamba mtoto amekuja kwa ajili ya hewa nzuri ya ziwa. Mikie alikuwa amerudia jina la kwao na mtoto naye akaandikishwa hivyo, kwa hiyo jina la Katsube lilirudi kwenye shule ileile, safari hii juu ya kisanduku cha viatu, mlangoni mwa shule, cha msichana wa darasa la tano. Fusae alipoliona pale alisimama kidogo. Alilitazama kama mtu anavyotazama sahani nzuri ya kale iliyowekwa ukingoni mwa meza.

Kozue hakuwa mtoto wa maneno. Siku za mwanzo alizungumza shuleni, wenzake wakaicheka lafudhi yake ya Osaka, naye akaifunga midomo. Nyumbani alijibu "ndiyo" na "hapana". Alilokuwa akifanya bila kukosa ni kupiga magoti mbele ya madhabahu ndogo ya nyumbani ya kumkumbuka babu yake, kugonga kengele, na kumwambia yule mzee wa kwenye picha, kwa sauti ya chini, kwamba amerudi kutoka shule.

Likizo ya kiangazi ilipoanza alileta kazi ambayo kila mtoto hapa kwetu hupewa, utafiti wake mwenyewe juu ya kitu chochote anachotaka. Yeye alichagua kome, wale wadogo weusi wa ziwa letu tunaowala kwenye supu ya miso, ile ya soya, kila asubuhi. Alisikia kwamba kome hunywa maji machafu na kuyatoa masafi, akataka kuona kama ni kweli, na kama wengi husafisha kuliko wachache.

Alimwomba bibi yake mabakuli matatu ya kioo. Akaweka ndani maji mazito yaliyooshewa mchele na chumvi kidogo, kiasi kimoja kila bakuli. La kwanza hakuweka kome. La pili akaweka watano, la tatu kumi. Chini ya kila bakuli alitandika kipande cha gazeti, ili baadaye atazame kutoka juu aone kama herufi zinasomeka, na juu akafunika karatasi, maana kome hufunguka vizuri gizani. Akayapanga kwenye kibao kando ya sinki, akala chakula cha jioni, akaenda kuoga.

Sasa, kwenye kibao hichohicho palikuwa na bakuli la nne. Lilikuwa la Fusae, lenye kome wa supu ya asubuhi, wakitema mchanga. Mke yeyote wa Matsue akipita jikoni, mkono wake huinua karatasi wenyewe. Maji yakiwa na ukungu, huyamwaga na kuweka mengine safi yenye chumvi. Hafikirii, kama vile mtu asivyofikiria kufunga mlango. Fusae alipita bila miwani. Akabadilisha maji ya bakuli lake. Lililokuwa kando yake nalo lilikuwa na kome wachache na maji yenye ukungu, akayabadilisha pia, akafunika, akaenda zake kukunja nguo.

Kozue alitoka bafuni na taulo kichwani, akainua karatasi moja baada ya nyingine. Kisha nyumba nzima ikasikia sauti ambayo haikuwa imesikika tangu Aprili.

"Bibi! Bibi njoo! Watano wameshinda kumi!"

Bakuli lisilo na kome lilikuwa na ukungu mweupe kama lilivyowekwa. La kome kumi lilikuwa limeanza kuonyesha, herufi kubwa za gazeti zilisomeka na ndogo hazikusomeka. La kome watano lilikuwa safi kama hewa. Fusae aliyatazama maji yale na akajua papo hapo. Alifungua kinywa. Lakini mtoto alikwisha kukimbilia chumba cha madhabahu, akaigonga kengele mara nyingi kuliko inavyopasa, akapaza sauti kwa lafudhi yake ya Osaka bila kuificha, "Babu, watano wameshinda kumi! Hakuna anayelijua hili, ni mimi tu!"

Fusae akafunga kinywa. Alijiambia atasema kesho. Kesho yake mtoto alikuwa akichora bango kwa rangi, huku akiimba puani. Likizo ikaisha, bango likabandikwa ukutani darasani, na Mwalimu Nozu akalichorea ua la sifa kwa wino mwekundu na kuandika pembeni, "Ajabu! Kwa nini?" Kadiri bango lilivyosogea mbele, ndivyo neno la kukiri lilivyozidi kuwa zito mdomoni mwa Fusae. Na halikuwa tena neno la jikoni tu. Sasa lingekuwa neno la mtaa mzima, kwamba mjane wa Mwalimu Mkuu aliuharibu utafiti wa mjukuu wake, akaona, akanyamaza.

Ndipo Septemba ikaja karatasi kutoka shule. Siku ya wazazi kutazama masomo, kila mtoto atasimama mbele na kueleza utafiti wake kwa dakika tano. Atumie sentensi fupi. Ashike kadi zenye maneno ya kumkumbusha, asisome. Baada ya hapo wenzake watauliza maswali.

Fusae alichukua kalamu kabla Kozue hajamaliza kuvua mkoba.

Aliandika vizuri, kama zamani. Jioni ile walisimama sebuleni, saa ya jikoni ya kuhesabia dakika ikiwa mezani, na Kozue akaanza kusoma.

"Mbele ya ziwa letu tukufu, ambalo tangu enzi zisizo na kumbukumbu limekuwa likiwalisha wana wa mji huu kwa ukarimu usiopimika, nami nikiwa mjukuu wa nyumba ambayo..." Alisita. "Bibi, napumua wapi hapa?"

"Kwenye mkato."

"Mkato umeshapita. Sikuwa na pumzi."

"Anza tena. Simama wima."

Alianza tena. Akakwama tena palepale, uso ukapauka, midomo ikawa inachezacheza bila sauti, kama ilivyomkuta siku ile walipoicheka lafudhi yake. Mwishowe saa ya jikoni ikalia, na kome walikuwa hawajaingia hata kwenye bakuli.

"Mwalimu kasema sentensi moja, jambo moja," alisema Kozue akitazama sakafu. "Na kadi si ya kusoma. Ni ya kukumbusha tu."

"Mwalimu Nozu alikuwa mwanafunzi wa babu yako. Namkumbuka na kamasi zake."

"Lakini sasa ndiye mwalimu, Bibi."

Fusae hakupenda jibu lile. Hata hivyo alikuwa amefundisha miaka mingi mno asijue tofauti kati ya mtoto mvivu na mtoto aliyebanwa. Akakaa. "Haya. Nionyeshe hizo kadi zako."

Kozue alikata karatasi ngumu vipande sita. Juu ya kila kimoja aliandika neno moja kubwa. Swali. Nilichodhani. Vifaa. Njia. Matokeo. Nilichojifunza. Chini ya kila neno aliweka maneno machache tu. Kwenye kadi ya Njia aliandika hivi: maji yaleyale, kiasi kilekile, mahali palepale, gazeti. Pembeni akachora duara dogo pale pa kupumua na kuwatazama watu, na pembetatu pale pa kuonyesha bango kwa kidole.

"Na sentensi ziko wapi?" aliuliza Fusae.

"Huku." Aligusa kichwa chake. Akaitazama kadi, akainua uso.

"Niliweka maji ya mchele kwenye mabakuli matatu. Yalikuwa maji yaleyale. Kiasi kilikuwa kilekile. Niliyaweka mahali palepale." Akavuta pumzi. "Bakuli la kwanza halikuwa na kome. Hilo ni la kulinganishia. Chini ya bakuli niliweka gazeti. Nikiweza kusoma, maji ni safi. Nisipoweza, maji ni machafu."

Sauti ilitoka. Haikuwa kubwa, lakini haikukatika. Fusae alishangaa kwamba maneno makavu namna ile, yasiyo na pambo hata moja, yangeweza kubeba kitu. Katika maisha yake hakuwahi kumwandikia marehemu sentensi yenye maneno manne.

Mara ya kwanza Kozue alimaliza mapema mno, kwa kuwa aliyakimbiza maneno. Fusae akamwambia ahesabu kichwani hadi mbili kila afikapo kwenye duara, na atamke kila namba huku kidole kikiwa juu ya bango. Mara ya pili alikaribia dakika tano. Kila jioni walifanya hivyo, na kila jioni Fusae alimsahihisha mtoto kila kitu isipokuwa kadi moja. Ikifika kadi ya Matokeo alijikuta akipangusa meza.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, wali ukiwa bado motoni, Kozue alifika kwenye kadi ile, akaacha kusema.

"Bibi, Sohei ataniuliza swali."

Sohei alikuwa mtoto wa Aoto, mvuvi wa kome. Mama yake ndiye aliyepita mtaani na kigari akiwauza, pamoja na habari za kila nyumba.

"Ataniuliza mbele ya watu wote. Ameshaniambia. Eti, 'We Osaka, umewahi kuona kome kumi wakanywa kidogo kuliko watano? Au kome wako walikuwa wanafunga?' Darasa zima likacheka. Mimi nimefikiri labda kumi wanabanana. Lakini bakuli lilikuwa pana, hawakubanana." Aliishika kadi kwa mikono miwili. "Wewe umepika kome miaka yote. Ni kwa nini? Niambie nimjibu."

Fusae aliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Kesho, nyuma ya darasa, angesimama yeye kwa adabu zake zote, na mbele angesimama mtoto huyu akitetea kwa sauti yake mpya jambo ambalo si kweli, mbele ya mtoto wa mvuvi anayejua si kweli. Wangemcheka, na safari hii angekuwa hana kosa hata la lafudhi. Na midomo ile ingejifunga tena, pengine kabisa.

"Maji ya bakuli la watano niliyabadilisha mimi," alisema.

Kozue hakuelewa. "Lini?"

"Ulipokuwa unaoga. Nilidhani ni langu. Sikuvaa miwani."

Saa ya jikoni iliendelea kuhesabu mezani.

"Ulijua lini?"

"Ulipoinua karatasi."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

Mtoto aliiweka kadi chini taratibu, maandishi yakiwa juu. "Nilimwambia Babu," alisema. "Nilimwambia kwa sauti."

Hilo Fusae hakuwa amelitarajia, na lilimpata mahali ambapo hakuwa na kinga. Akafanya alichozoea kufanya nyumba ilipohitaji kufunikwa. "Sikiliza, mjukuu wangu. Bado tunaweza kurekebisha. Utasema kwamba matokeo ya bakuli la pili, kwa namna isiyotarajiwa na kutokana na hali ambazo hazikuweza kudhibitiwa, huenda yaliathiriwa na..."

"Hiyo ni sentensi ndefu, Bibi."

Kozue aliizima saa, akakusanya kadi zake, akapanda ghorofani. Wali uliungua kidogo. Asubuhi alikunywa supu, akavaa viatu, akatoka bila kuaga, na bila kugonga kengele ya babu yake.

Fusae alivaa suti ya kijivu na lulu ambazo marehemu alimnunulia siku alipopandishwa cheo. Akachukua viatu vyake vya kuvaa ndani ya shule kwenye mfuko wa kitambaa, akaenda. Nyuma ya darasa alisimama katikati ya akina mama vijana, akiinama huku na huku. Mama Sohei alimsogelea, mikono yake ikinukia ziwa hata baada ya sabuni.

"Mama Katsube! Leo tunasikia damu ya Mwalimu Mkuu, eh? Bango la mjukuu wako limempa mume wangu kazi. Anasema kama kome watano wanashinda kumi, basi aache kuvua wengi."

"Ni mtoto bado," alisema Fusae, na akatabasamu kama inavyotakiwa.

Hakujua mtoto atasema nini. Alikuwa hajui kama kadi ni zilezile. Alikuwa hajui hata anachokiomba. Akisema matokeo ya bango, watamcheka. Akisema ukweli, watageuka wote kutazama lulu hizi.

Kozue alipoitwa alitembea hadi mbele, akainama, akaweka kadi kwenye kiganja. Alitazama kadi ya kwanza, akainua uso.

"Swali langu ni hili. Je, kome husafisha maji?"

Alipumua palipo na duara. Akaonyesha bango palipo na pembetatu. Nilichodhani, vifaa, njia, moja baada ya nyingine, sentensi fupifupi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mvulana mmoja aliiga lafudhi yake kwa kunong'ona. Kozue alisikia, akaitazama kadi, akaendelea. Fusae alijikuta akihesabu mbili kila mahali.

Kisha alifika kwenye kadi ya Matokeo. Kutoka alipokuwa Fusae aliona kwamba kadi ile ilikuwa mpya, nyeupe kuliko zile nyingine.

"Matokeo," alisema Kozue. "Kwenye bango nimeandika watano wameshinda kumi. Msiliamini bango."

Darasa liliguna. Mwalimu Nozu aliinua kichwa.

"Maji ya bakuli la watano yalibadilishwa. Yalibadilishwa kabla sijayatazama. Sikuweka alama kwenye bakuli. Hilo ni kosa langu." Hapa alichukua kipande cha karatasi nyeupe na kukibandika juu ya picha ya bakuli la kati, ile aliyoipaka rangi kwa siku nyingi kuliko zote. "Bakuli hilo nalitoa. Yanabaki mawili. Lisilo na kome lilibaki jeupe. Sikuweza kusoma gazeti. Lenye kome kumi lilianza kusafika. Nilisoma herufi kubwa."

Akageuza kadi ya mwisho.

"Nilichojifunza. Nadhani kome husafisha maji. Lakini nimejaribu mara moja tu. Kama wengi husafisha zaidi, bado sijui. Na bakuli liwekwe alama. Asanteni kwa kunisikiliza."

Mkono wa Sohei ulikuwa juu kabla hajainama.

"Nani alibadilisha maji?"

"Paka!" alisema mwingine, na wakacheka.

"Si paka. Paka hawezi kuweka chumvi," alisema Sohei. "Ni nani?"

Kozue aliangalia kadi zake. Kwa jambo hilo hakuwa na kadi. Alizigeuza moja baada ya nyingine. Mkono wa Fusae ulitaka kuinuka. Wazazi hawasemi siku ya kutazama masomo. Husimama tu. Sheria hiyo mumewe ndiye aliyeiweka, na yeye ndiye aliyeiandika. Mkono ulibaki kwenye mfuko wa viatu.

"Swali hilo si la sayansi," alisema Kozue.

Darasa lilicheka tena, safari hii vingine. Mwalimu Nozu naye alicheka, akasema kwamba ni kweli, nani si muhimu, muhimu ni kwamba maji yalibadilishwa na yeye amesema. Akatazama saa. Dakika tano zilikuwa zimetosha. Watoto wakapiga makofi, na Kozue akarudi kitini bila kutazama nyuma hata mara moja.

Fusae alikuwa ameokoka. Alisubiri faraja, ikaja ikiwa na ladha ya supu iliyolala. Mtoto wa darasa la tano alikuwa amesimama mbele ya watu akaifunika nyumba ya Katsube kwa mwili wake, na kulichukua kosa likawa lake.

Ukumbini, wakati wa kubadilisha viatu, Mama Sohei alimshika mkono.

"Mama Katsube, mjukuu wako ni jasiri! Wangu asingesema, angebisha mpaka kesho." Kisha akashusha sauti, lakini si sana, kwa kuwa hakuwa na sauti ya chini. "Lakini jamani, huyo aliyemwaga maji! Si angemwambia mtoto mapema, kabla ya bango? Ni mama yake, eh? Ndiyo hivyo. Wanaokaa mjini na kazi zao, wakija siku moja wanavurugavuruga halafu wanaondoka. Tunaelewa. Hatusemi kitu."

Akina mama wengine walikuwa wameinamia viatu vyao kwa bidii kubwa.

Fusae alijua sentensi ambayo ingelimaliza jambo lile. Ilikuwa nzuri, ndefu, yenye heshima, isiyokubali wala kukana, na ingemwacha Mikie akiwa na doa jingine juu ya yale aliyonayo. Aliisikia ikijipanga kichwani. Akaiacha ipite.

"Mikie alikuwa Osaka," alisema. "Ni mimi."

"Aa?"

"Maji niliyabadilisha mimi. Nilijua siku ileile. Nilinyamaza. Niliona aibu."

Mama Sohei alibaki na kiatu kimoja mkononi. Ukumbi mzima uliacha kuvaa viatu. Mlangoni alisimama Kozue na mkoba mgongoni. Haikujulikana alikuwa hapo tangu lini. Alimwinamia Mama Sohei kwa adabu, akampita bibi yake, akatoka.

Walirudi nyumbani mtoto akiwa mbele, bibi nyuma, na katikati yao pengo la kutosha kupita baiskeli. Fusae hakuliziba. Kwenye kona ya duka la tofu muuzaji alimsalimu, na Fusae akajiuliza kama amekwisha kusikia. Akajijibu kwamba kama bado, ni kabla ya chakula cha jioni tu. Angekwenda kununua tofu hapo kesho na kesho kutwa. Angeulizwa hali kwa upole wa aina ile anayopewa mtu aliyeanguka hadharani. Alimfikiria marehemu, jinsi watu walivyonyamaza akifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hakika kama walikuwa wakimsikiliza, au walikuwa wakitafuta mahali pa kupumua.

Nyumbani Kozue hakwenda kwenye madhabahu. Alikwenda jikoni, akatoa mabakuli ya kioo, akayaosha. Fusae, akiwa bado na lulu zake, alisimama mlangoni bila kuingia.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Sohei, amevaa kofia ya baba yake, ameshika mfuko wa kome unaovuja maji.

"Mama kasema hawa ni wa kurudia. Kasema hataki hela." Alichungulia ndani, akainua sauti. "We Osaka! Uweke alama safari hii!"

"Nenda huko!" ilijibu sauti kutoka jikoni, kwa lafudhi yote ya Osaka.

Habari zilikuwa zimefika, basi, hata kabla mchele wa jioni haujaoshwa. Fusae aliupokea mfuko kwa mikono miwili na kuinama mbele ya mtoto wa mvuvi, chini kuliko ilivyohitajika.

Kozue alijaza mabakuli kama mara ya kwanza, akayapanga kwenye kibao. Alikata vipande vya utepe, akaandika kwa kalamu nene, akabandika: 0, 5, 10. Lilibaki bakuli la nne, la kome wa supu. Alilitazama kidogo, akakata kipande kirefu zaidi, akaandika BIBI, akakibandika kwa kukikandamiza na kidole gumba.

"Nikusaidie?" aliuliza Fusae.

"Usiguse maji."

"Siyagusi."

"Muda ukifika utasoma gazeti. Mimi nitaandika. Vaa miwani."

Fusae alikwenda kuileta. Aliporudi alikuta kiti kimewekwa, si kando ya sinki, bali upande wa pili wa meza. Alikaa. Kozue alizungusha saa ya jikoni na kukaa mkabala naye, kadi ya Matokeo mbele yake, ikiwa tupu upande wa nyuma. Hawakutazamana. Kwenye kibao, chini ya karatasi, kome waliendelea na kazi yao isiyoonekana.

"Bibi," alisema mtoto baada ya muda, bila kuinua uso. "Mikono."

Fusae aliitoa mapajani na kuiweka juu ya meza, pale inapoonekana.

"Iko hapa," alisema.